Kikombe cha zawadi chenye picha ya kuunganisha: kuandaa faili kabla halijafika kwenye mashine

Bibi yuko Ujiji, wajukuu wake wawili wako Tabora, na hawajawahi kupiga picha pamoja. Unawakata kutoka picha tatu tofauti, unawapanga mbele ya Ziwa Tanganyika, na kwenye simu kazi inapendeza. Kikombe kikitoka kwenye mashine, ziwa limegeuka zambarau, nyuso zimezama gizani na jina la bibi limeishia chini ya mkono wa kikombe. Mara nyingi lawama humwangukia fundi, lakini makosa yote matatu yalikuwemo kwenye faili tangu mwanzo. Tutafuata kikombe hicho kimoja, toka picha za simu hadi karatasi ya kubandika, kisha tuone kinachobadilika ukihamia kwenye kitambaa.

Programu tunayotumia ni GIMP 2.10, kwa sababu ni ya bure na haihitaji kompyuta ya bei kali. Ukizoea nyingine, vipimo ni vilevile.

Wino unavyoingia kwenye kikombe

Vikombe vingi vya zawadi hutengenezwa kwa sablimesheni. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu kwa wino maalumu, karatasi hufungwa kwenye kikombe kwa tepu ya kuhimili joto, na mashine hukibana kwa joto la karibu nyuzi 180 kwa dakika kama tatu. Wino hugeuka mvuke na kuzama kwenye tabaka la plastiki lililopakwa juu ya kikombe kiwandani. Ndiyo maana kikombe cha kawaida cha sokoni, hata kiwe cheupe namna gani, hakishiki picha: hakina tabaka hilo.

Kutokana na hapo kuna mambo mawili ya kukaa nayo kichwani. Wino mweupe haupo. Kila mahali palipo peupe kwenye picha yako ni kikombe chenyewe kinachoonekana, kwa hiyo kikombe chenye weupe wa maziwa kitakupa meno ya rangi ya maziwa. La pili, karatasi ikitoka kwenye printa rangi huwa zimefifia kama zimepigwa na vumbi. Usimwambie fundi aongeze rangi hapo. Zinakolea zikipata joto.

Pima kikombe, usikisie

Chukua futi ya fundi cherehani, au uzi na rula, uzungushe kikombe. Kikombe cha kawaida cha wakia 11 kina kimo cha sentimita 9.5 hivi na mzunguko wa sentimita 25.7. Picha haizunguki kote, kwa sababu mkono wa kikombe na mashine yenyewe vinahitaji nafasi. Eneo linalochapika ni karibu sentimita 20 kwa upana na 9 kwa kimo. Vikombe hutofautiana kutoka mzigo mmoja hadi mwingine, kwa hiyo pima hichohicho utakachotumia.

Fungua `File > New`, chagua vipimo vya milimita, andika 200 kwa 90, kisha ndani ya `Advanced Options` hakikisha rizolusheni ni pikseli 300 kwa inchi. Utapata turubai ya pikseli 2362 kwa 1063. Ihifadhi papo hapo kama faili la `.xcf`, ambalo hutunza kila leya, yaani kila tabaka la picha, peke yake.

Sasa weka mistari ya mwongozo kwa `Image > Guides > New Guide`. Ya mlalo iwe kwenye pikseli 59 na 1004, yaani nusu sentimita kutoka juu na kutoka chini. Ya wima iwe kwenye 118 na 2244, sentimita moja kutoka kila upande. Ndani ya mistari hiyo ndimo nyuso na maandishi vinapokaa. Nje yake lisiwepo jambo ambalo likikatwa au kufifia utasikitika: maji, anga, majani, basi.

Sababu ya pembezoni kuwa hatari ni mashine yenyewe. Mpira unaokumbatia kikombe haubani sawasawa kwenye ukingo wa juu, na chini kikombe kinapinda kuingia ndani, kwa hiyo wino haupati joto la kutosha na picha inafifia. Zaidi ya hapo, karatasi hubandikwa kwa mkono. Ikipinda milimita moja, anga halitakusema. Fremu ya mstari mwembamba itakusema kwa sauti, kwa sababu jicho hulinganisha mstari huo na ukingo wa kikombe. Ushauri wetu ni kuacha fremu kabisa. Wateja wanazipenda, lakini ndizo zinazorudisha vikombe vingi kwa fundi.

Nani anaona nini

Watu wengi huweka sura kuu katikati ya picha, kama wanavyofanya kwenye kalenda. Kwenye kikombe, katikati ya picha ni upande unaotazamana na mkono wa kikombe. Anayekunywa haoni pale, wala aliyekaa mbele yake haoni vizuri.

Shika kikombe kwa mkono wa kulia. Upande unaokutazama wewe ni sehemu ya kulia ya picha. Aliyekaa mbele yako anaona sehemu ya kushoto. Kwa vipimo vyetu, kitovu cha kila upande kiko sentimita 3.6 kutoka kwenye ukingo wa picha. Hesabu yake ni hii: robo ya mzunguko ni sentimita 6.4, na kutoka katikati ya mkono wa kikombe hadi picha inapoanzia ni 2.8, kwa hiyo inabaki 3.6. Kwa pikseli ni 425 kutoka kushoto, na upande wa pili 1937. Weka mistari miwili ya wima hapo pia.

Kwa hiyo wajukuu wanakaa kulia, kwenye 1937, ili bibi akinyanyua chai awaone wao. Picha ya bibi mwenyewe inakaa kushoto, kwenye 425, waione wageni. Kama bibi anatumia mkono wa kushoto, badilisha. Ziwa linapita katikati na kuwaunganisha, na jina au tarehe inaweza kukaa hapo katikati, kwa sababu ndiyo sehemu inayoonekana kikombe kikiwa kabatini mkono wake ukiwa nyuma. Maandishi yasizidi upana wa sentimita 6. Yakizidi, msomaji atalazimika kuzungusha kikombe ili amalize sentensi.

Kuchagua picha

Kwenye kikombe hiki kila uso, kutoka kidevu hadi juu ya nywele au kitambaa cha kichwani, utakuwa na sentimita 3 hivi. Kwa rizolusheni yetu hizo ni pikseli 354. Fungua picha ya asili, ikuze hadi `100%`, pima uso kwa `Measure Tool`. Ukiwa na 350 au zaidi, uko salama. Kwenye 250 bado inavumilika. Chini ya 200 uso utakuwa laini kama umepakwa mafuta, na hakuna kitufe cha kurudisha kisichokuwepo.

Hapa ndipo picha za WhatsApp zinapokwamisha watu. Zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na mara nyingi upande mrefu hubaki pikseli 1600 au pungufu. Mtoto aliyesimama wima kwenye picha kama hiyo hubaki na uso wa pikseli 200 na kitu. Waambie walioko Tabora watume picha kwa kuchagua `Document`, siyo kutoka kwenye albamu. Itakula bando, lakini itafika kama ilivyo.

Kuhusu ziwa, tazama saa ya picha. Kigoma iko ufukwe wa mashariki, kwa hiyo jua huzama juu ya maji, nyuma ya milima ya Kongo. Picha ya machweo ni nzuri, ila mtu yeyote aliyesimama mbele yake kwa kweli angekuwa kivuli. Ukiwapachika hapo wajukuu waliopigwa picha saa saba mchana chini ya mwembe, kila mtu atajua wamebandikwa hata kama hajui kusema kwa nini. Picha ya ziwa ya asubuhi inarahisisha kazi: jua liko nyuma ya mpigapicha, maji ni ya buluu, na mwanga unaingia usoni. Watafutie wajukuu picha yenye mwanga wa mbele vilevile, na ya bibi aliyepigwa picha barazani kivulini inafaa pia, kwa sababu kivuli cha wazi hakina upande.

Kuunganisha

Leta kila picha kwa `File > Open as Layers`. Programu ikikuuliza kuhusu profaili ya rangi, chagua `Convert`. Simu kadhaa, iPhone zikiwemo, huhifadhi rangi kwa wigo mpana kuliko sRGB, ule wigo wa kawaida wa skrini, na ukichanganya bila kubadilisha, mtu mmoja atakuwa amepauka kuliko wenzake bila sababu.

Usimkate mtu kwa kufuta. Weka maski kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask`, kisha paka nyeusi pale unapotaka apotee na nyeupe ukitaka arudi. Ukikosea kwenye sikio, unarudisha sikio. Brashi iwe na ukingo laini kidogo kwenye nguo, laini zaidi kwenye nywele. Ukimaliza, weka chini ya mtu leya ya rangi nyekundu kali kwa muda. Utaona utando mweupe kuzunguka kichwa ambao ulikuwa hauonekani kwenye anga. Utando huo kwenye simu haukusumbui. Kwenye kikombe chenye kung'aa unaonekana kama taji. Ingia na brashi pikseli mbili ndani, uumalize.

Kisha linganisha watu na ziwa. Kama mtoto mmoja ana unjano wa taa ya sebuleni, tumia `Colors > Color Temperature` kumrudisha kwenye mwanga wa asubuhi. Macho ya wajukuu wawili waliosimama pamoja yakae kwenye urefu unaoaminika, mkubwa juu kidogo ya mdogo. Kama picha ya mmoja ni kali na ya mwingine ina chengachenga, punguza ukali wa ile nzuri kidogo. Inauma, lakini tofauti ya ubora ndiyo inayofichua kazi ya kuunganisha kuliko hata mkato wenyewe.

Maliza kulinganisha watu kwa watu kabla ya kugusa rangi kwa ajili ya mashine. Ukichanganya kazi hizi mbili utazunguka siku nzima.

Rangi zinapohama

Hifadhi `.xcf`, kisha tengeneza nakala na uiunganishe kuwa leya moja kwa `Image > Flatten Image`. Masahihisho yote ya kuchapa yafanyike kwenye nakala hiyo. Iache kwenye RGB, mfumo wa rangi wa skrini. Printa nyingi za steshenari hupokea RGB na kugeuza zenyewe.

Skrini inatoa mwanga, kikombe kinaurudisha tu. Kwa hiyo punguza kwanza mwanga wa skrini hadi nusu na uzime mfumo wa usiku unaoifanya iwe ya njano. Hapo tayari utaona nyuso zilivyo nyeusi kuliko ulivyodhani.

Buluu ya ziwa ndiyo ngumu zaidi. Kwenye mashine, buluu hutengenezwa kwa kuchanganya wino wa saiani, yaani buluu-kijani, na wa majenta, yaani waridi iliyokolea. Majenta ikizidi kidogo tu, ziwa linakuwa zambarau. Dawa ni kuisogeza buluu kuelekea saiani kabla ya kuchapa: fungua `Colors > Hue-Saturation`, bonyeza `B`, kisha sogeza `Hue` hadi kati ya -8 na -15. Kwenye skrini maji yataonekana ya kijani-buluu kuliko unavyopenda. Vumilia. Kijani kikali cha fulana za michezo na rangi ya waridi inayowaka hazina dawa kama hiyo. Wino hauwezi kuzifikia, zitatulia tu, na mteja aambiwe mapema.

Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde hupoteza maumbo kwenye vivuli: upande wa pua, chini ya macho, mstari wa taya. Kwenye `Colors > Curves`, weka nukta katika robo ya kwanza ya mstari kutoka kushoto uipandishe kidogo, kisha weka nyingine katikati uishikilie mahali pake. Unataka vivuli vifunguke, siyo ngozi iwe nyeupe. Ukiona bibi anafanana na mtu mwingine, umezidisha. Kama nyuso zinaelekea wekundu, rudi `Hue-Saturation`, bonyeza `R` na upunguze `Saturation` kwa 5 hadi 10.

Namba hizi ni za kuanzia tu, kwa kuwa kila mashine, wino na karatasi vina tabia yake. Kinachoondoa ubishi ni kipande cha majaribio, na kinagharimu kikombe kimoja chenye dosari ambacho fundi hangekiuza. Chukua kipande cha picha chenye uso wa bibi na maji kidogo, upana wa sentimita 4, kirudie mara tano kwenye turubai ya sentimita 20. Cha kwanza kiache kama kilivyo. Cha pili fungua vivuli kidogo, cha tatu zaidi. Cha nne kifanane na cha pili, na buluu isogezwe -8; cha tano vilevile, na buluu -15. Andika namba chini ya kila kimoja. Chapa, bana, kisha peleka kikombe nje, kwenye mwanga wa mchana, chagua namba. Taa ya dukani itakudanganya. Andika uliyochagua pamoja na jina la mashine, na kikombe kijacho hapohapo hakitahitaji jaribio.

Kwenda kwa fundi

Herufi za sablimesheni huchapwa kinyumenyume ili zikibandikwa zisomeke. Geuza kwa `Image > Transform > Flip Horizontally`, lakini kwanza muulize fundi kama printa yake tayari inageuza. Mkigeuza wote wawili, mmerudi mlikoanzia. Angalia jina kwenye karatasi: likisomeka vizuri, usibandike.

Hamisha faili kwa `File > Export As` kama PNG, na lipeleke kwa flashi au kama `Document`. Wakati wa kuchapa, ukubwa uwe `100%` au `Actual size`. Chaguo la `Fit to page` likibaki limewashwa, sentimita 20 zitakuwa 19 au 21 na hesabu yote ya mkono wa kikombe itakufa. Weka rula juu ya karatasi kabla haijakatwa. Karatasi moja ya A4 iliyosimama wima inabeba picha tatu za aina hii, kwa hiyo kama familia inataka vikombe vitatu, unalipia karatasi moja.

Baada ya kubana, angalia karatasi iliyotumika. Ikibaki na picha nzito na kikombe kimepauka, joto au muda haukutosha. Kama karatasi imebaki karibu tupu lakini nyeusi imeelekea kahawia na kingo za herufi zimelegea, kikombe kimeiva kupita kiasi. Vivuli viwili vya herufi moja ni dalili kwamba karatasi ilisogea. Hayo ni ya mashine, na hapo unaweza kumrudia fundi kwa haki. Picha ikififia ukingoni tu, si kosa la fundi: hilo ndilo uliloliachia nafasi kwa mistari ya mwongozo.

Ukihamia kwenye kitambaa

Sablimesheni inataka poliesta nyeupe au ya rangi hafifu. Khanga na vitenge vya pamba havishiki. Picha itatoka ikiwa imepauka na kufua mara chache kutaimaliza. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuwashe: poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Kwa fulana ya pamba au ya rangi nzito, muulize fundi kuhusu DTF, ambayo huchapa picha kwenye filamu na kuihamishia kwenye nguo ikiwa na tabaka jeupe chini, na huko picha haigeuzwi na wewe kabla ya kuuliza.

Kitambaa haking'ai, na nyuzi zake hula maelezo madogo. Rizolusheni ya 200 inatosha, ongeza kontrasti kidogo kuliko ya kikombe, na herufi zisiwe nyembamba. Rangi ya nguo huchanganyika na ya picha: kwenye fulana ya njano hafifu, buluu ya ziwa itakuwa kijani na weupe wa macho utakuwa njano.

Acha sentimita 2 za usalama kila upande, kwa sababu hapa karatasi haina ukingo wa kuilinganisha nao na nguo hupungua kidogo ikipata joto la nyuzi 200. Badala ya kumalizia ziwa kwa mstari ulionyooka, lifanye lififie taratibu hadi jeupe kwa maski. Mstatili kifuani huonyesha kila kupinda, na makali ya karatasi yanaweza kuacha alama kwenye kitambaa. Fundi abane fulana tupu kwa sekunde 5 hadi 10 kwanza kuondoa unyevu, kisha aikunje katikati kwa wima, bega juu ya bega, apate mkunjo wa kupangia. Picha ianze sentimita 7 au 8 chini ya kola kwa mtu mzima. Kwa mjukuu wa miaka sita, 4 zinatosha, la sivyo ziwa litakuwa tumboni.